Milioni 31 ni nyingi au ni kidogo? Chati inayopima mauzo kwa lengo na kwa gharama

Mwezi umeisha. Msimamizi wa duka la vifaa vya ujenzi anamwandikia mwenye duka ujumbe: "Mzee, mwezi huu tumeuza milioni 31." Lengo lilikuwa milioni 40. Mwenye duka anapiga hesabu ya haraka, anapata karibu asilimia 78, anajiambia kuwa si haba. Kumbe katika milioni hizo 31 kuna shimo ambalo asilimia 78 haimwonyeshi, na mwezi unaofuata atalilipa kwa kupunguza saruji na nondo stoo bila kujua kwa nini mtaji unapungua.

Ipo chati moja ndogo inayoweza kumwonyesha shimo hilo kwa kuitupia jicho mara moja. Tuiite chati ya lengo. Ukiitafuta kwenye kompyuta, andika Bullet Chart. Ina nguzo moja nyembamba ya mauzo, kistari kifupi kinachoonyesha lengo, na nyuma yake kanda mbili au tatu zenye vivuli tofauti, zinazoonyesha mauzo dhaifu yanaishia wapi, ya wastani yanaishia wapi, na mazuri yanaanzia wapi. Macho yanapata majibu matatu kwa pamoja: tumeuza kiasi gani, lengo liko umbali gani, na kiasi tulichouza kina maana gani kwa duka.

Aliyeibuni ni Stephen Few, Mmarekani aliyejishughulisha kwa miaka mingi na namna ya kuonyesha takwimu za ofisini. Aliitoa mwaka 2005 baada ya kuona kampuni zinajaza ripoti zao picha za mviringo zenye mshale, mfano wa kipima mwendo cha gari. Mshale wa namna hiyo unakula nafasi kubwa ya karatasi, na isitoshe unamtaka msomaji akadirie pembe. Miaka 21 kabla yake, mwaka 1984, wanatakwimu William Cleveland na Robert McGill walikuwa wameonyesha kwa majaribio kwamba binadamu hukadiria vizuri zaidi mahali kitu kilipo kwenye kipimo kilichonyooka kuliko anavyokadiria pembe au ukubwa wa eneo. Few akaunyoosha mviringo ukawa mstari, akaweka kila kitu juu ya kipimo kimoja.

Wengi wanaoichora chati hii hukimbilia kompyuta kwanza. Kazi yenyewe inaanzia kwenye daftari la gharama, kwa sababu chati nzima inasimama juu ya mipaka ya kanda. Mipaka ikiwa ya kubuni, basi hata rangi zipendeze vipi, chati itasema uongo.

Mipaka inatoka wapi

Tuchukue mfano wa duka la Mbagala, Dar es Salaam, linalouza saruji, nondo, mabati na rangi. Tarakimu zake nimezitunga ili tufuatilie hesabu vizuri, lakini mwenye duka yeyote anaweza kuweka zake mahali pake.

Kila mwezi duka hili linalipa pango, mishahara, umeme, ulinzi na kodi, jumla shilingi milioni 3.6. Gharama hizo zinalipwa duka liuze lisiuze. Katika kila shilingi 100 ya mauzo, shilingi 85 zinarudi kununua bidhaa nyingine na kuzisafirisha hadi dukani. Zinabaki 15. Hiyo ndiyo faida ghafi ya duka, asilimia 15.

Sasa swali la kwanza: duka liuze kiasi gani ili gharama za mwezi zilipike? Tunagawa milioni 3.6 kwa 0.15, tunapata milioni 24. Chini ya hapo duka linakula mtaji wake. Huo ndio mwisho wa kanda dhaifu.

Swali la pili: duka lina mkopo, na rejesho lake ni milioni 1.5 kwa mwezi. Liuze kiasi gani ili gharama na rejesho vyote vitoke kwenye faida? Tunajumlisha 3.6 na 1.5, tunapata 5.1, tukigawa kwa 0.15 tunapata milioni 34. Hapo ndipo kanda ya wastani inapoishia na kanda nzuri inapoanzia. Juu kabisa tunaweka milioni 50, kiasi ambacho duka halijawahi kukivuka, ili kipimo kiwe na nafasi ya kutosha.

Mipaka hii miwili, 24 na 34, ina sababu. Ukiulizwa kwa nini kanda dhaifu inaishia hapo, unafungua daftari na kujibu. Tofauti yake na desturi ya kugawa kwa asilimia za mviringo, kwamba chini ya nusu ya lengo ni dhaifu na juu ya robo tatu ni nzuri, ni kubwa mno. Kwa mgawo huo, milioni 31 zingeangukia kwenye kanda nzuri. Kwa hesabu ya daftari zinaangukia kwenye wastani, na wastani huo una maana kamili: faida ghafi ya milioni 31 ni milioni 4.65; toa gharama milioni 3.6, inabaki 1,050,000. Rejesho la mkopo ni 1,500,000. Zimepungua shilingi 450,000. Hizo zitatoka kwenye fedha za kununulia mzigo. Hilo ndilo shimo ambalo ujumbe wa simu haukulionyesha.

Kuichora kwenye Excel

Excel haina aina hii ya chati kwenye orodha yake, hivyo inabidi kuiunda kwa kupandisha nguzo juu ya nguzo. Majina ya vitufe nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Fungua karatasi mpya. Andika vichwa kwenye mstari wa kwanza kuanzia A1 hadi F1: Tawi, Dhaifu, Wastani, Nzuri, Mauzo, Lengo. Kwenye A2 andika Mbagala, kwenye E2 andika 31, kwenye F2 andika 40. Tunahesabu kwa milioni, kwa hiyo hakuna haja ya kuandika sifuri zote. Kisha weka mipaka ya kanda pembeni: 24 kwenye H2, 34 kwenye I2 na 50 kwenye J2. Halafu jaza seli tatu zilizobaki kwa fomula hizi:

```
B2:  =H2
C2:  =I2-H2
D2:  =J2-I2
```

Utapata 24, 10 na 16. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kanda zinapandishwa moja juu ya nyingine, kwa hiyo kila kanda inaandikwa urefu wake yenyewe, wala siyo mahali inapoishia. Ukiandika 24, 34 na 50 moja kwa moja, Excel itazijumlisha na kanda ya juu itafika milioni 108. Kosa hili linajitambulisha lenyewe: kipimo cha pembeni kitapanda kupita 100, na nguzo ya mauzo itaonekana imejikunja chini kabisa kana kwamba duka limefungwa nusu mwezi. Ukiona hivyo, rudi kwenye fomula.

Sasa chagua seli A1 hadi F2, nenda Insert, kwenye sehemu ya Charts chagua Stacked Column ya 2-D. Kuna uwezekano mkubwa utaona nguzo tano zimesimama kando kando. Usihangaike. Nenda Chart Design, bofya Switch Row/Column, na zote tano zitapandana ziwe nguzo moja ndefu.

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kipande cha Mauzo, chagua Change Series Chart Type. Litafunguka dirisha lenye orodha ya vitu vyote vitano. Dhaifu, Wastani na Nzuri ziache zilivyo. Mauzo nayo iache Stacked Column, lakini weka tiki kwenye Secondary Axis. Lengo ibadilishe iwe Line with Markers, nayo pia iwekee tiki ya Secondary Axis. Tiki hiyo ya pili wengi huisahau, na matokeo yake ni kwamba siku mauzo yatakapovuka lengo, nguzo ya mauzo itakifunika kistari katikati. Vitu vilivyowekwa kwenye mhimili wa pili huchorwa juu ya vile vya mhimili wa kwanza. Kistari kikiwa huko pamoja na mauzo, kitaonekana daima.

Ukibofya OK, utaona kipimo kingine kimezuka upande wa kulia. Kiangalie vizuri kabla ya kwenda mbele, kwa sababu hapa ndipo lilipo kosa la hatari kuliko yote. Kipimo cha kushoto, cha kanda, kinaweza kuwa kinafika 60. Cha kulia, cha mauzo na lengo, kinaweza kuwa kinafika 45. Milioni 31 zikipimwa kwa cha kulia zinapanda hadi usawa wa karibu milioni 41 kwa cha kushoto. Nguzo ya mauzo itakuwa imeingia ndani kabisa ya kanda nzuri, na hakuna alama yoyote ya kosa itakayojitokeza. Chati itaonekana safi na itakuwa inadanganya.

Dawa yake ni nyepesi: bofya kipimo cha kulia mara moja, kisha bonyeza Delete. Mauzo na lengo vitarudi kupimwa kwa kipimo cha kushoto, ila vitabaki vikichorwa juu ya kanda. Kisha bofya kipimo cha kushoto kilichobaki, ingia Format Axis, andika Minimum 0, Maximum 50 na Major 10. Sifuri hiyo ni ya lazima. Nguzo inasomwa kwa urefu wake, na ukianzia kipimo kwenye 20, duka lililouza 31 litaonekana limeuza karibu mara tatu ya lililouza 24.

Ili kuhakiki, bofya nguzo ya mauzo na uongeze Data Labels. Itaandikwa 31. Fuata kichwa cha nguzo kwa jicho hadi kwenye kipimo cha kushoto: je, kipo juu kidogo ya 30? Na kistari cha lengo kipo sawa na 40? Vikikubaliana, chati iko sawa. Visipokubaliana, mhimili wa pili bado upo mahali fulani.

Unene na vivuli

Kilichobaki ni kuitengeneza isomeke. Bofya kanda yoyote, fungua Format Data Series, na kwenye Gap Width weka asilimia 50, kanda zitanenepa. Fanya hivyo kwa nguzo ya mauzo, lakini weka asilimia 300. Itakonda na kukaa katikati, kanda zikionekana pande zote mbili. Kwa Lengo, ondoa mstari kwa kuchagua No line, kisha kwenye Marker chagua Built-in, alama ya kistari kirefu, na ukubwa wa kama 25. Kistari kiwe kipana kuliko nguzo ya mauzo na chembamba kuliko kanda.

Kuhusu rangi, kishawishi kikubwa ni nyekundu, njano na kijani. Few alishauri vivuli vya rangi moja, na sababu yake ni ya kibinadamu kabisa: wapo watu, wanaume zaidi, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Kwao dhaifu na nzuri zitafanana. Ipo pia sababu ya kawaida ya ofisi zetu, kwamba ripoti nyingi huchapwa kwa wino mweusi au kutolewa nakala kwenye mashine ya fotokopi, na nyekundu na kijani hutoka zote kijivu kilekile. Tumia kijivu tangu mwanzo: kilichokoza kwa dhaifu, cha kati kwa wastani, chepesi kwa nzuri. Kwenye orodha ya rangi za Excel, chini ya rangi nyeupe, kuna Darker 35%, Darker 25% na Darker 15%, zinatosha. Mauzo yawe bluu iliyokoza au nyeusi, na kistari cha lengo kiwe cheusi. Kisha ichape, au itume kwenye simu na uitazame ikiwa ndogo. Kama nguzo ya mauzo inamezwa na kanda dhaifu, kanda hiyo imekoza mno.

Futa mistari ya nyuma kwenye Gridlines, punguza upana wa chati, na juu yake andika kichwa kinachojitosheleza, kwa mfano: Mauzo ya Machi, tawi la Mbagala, milioni za shilingi. Chini yake andika mipaka kwa maneno: 24 gharama zinalipwa, 34 gharama na mkopo vinalipwa, 40 lengo. Bila maneno hayo, msomaji ataona vivuli tu na kujitungia maana yake mwenyewe.

Wapo watakaopenda chati ilale badala ya kusimama, kwa sababu inakaa vizuri kwenye ukurasa wa ripoti. Inawezekana, lakini Excel haiwezi kulaza Line with Markers pamoja na nguzo zilizolala, hivyo kistari cha lengo kinahitaji kuundwa kwa chati ya nukta, na hiyo ni kazi ndefu zaidi. Kwa anayeanza, iliyosimama inatosha.

Katikati ya mwezi

Chati tuliyoichora ni ya mwezi uliokwisha. Ukiitumia tarehe 15 bila kuibadilisha, itamwonyesha kila msimamizi kuwa yuko kwenye kanda dhaifu, hata yule anayefanya vizuri, kwa sababu mauzo ya nusu mwezi yanapimwa kwa lengo la mwezi mzima. Baada ya kuona hivyo miezi miwili mitatu, wataacha kuiangalia.

Ongeza kistari cha pili: lengo hadi leo. Kama duka linafunguliwa siku 26 kwa mwezi na siku 13 zimepita, andika kwenye G1 kichwa Lengo hadi leo, na kwenye G2 fomula hii:

```
=F2*13/26
```

Inatoka 20. Bofya chati, na kwenye Select Data ongeza safu hiyo, kisha ifanye Line with Markers kama Lengo, iwe na tiki ya Secondary Axis, na kistari chake kiwe kifupi zaidi. Usichague Stacked Line with Markers, maana hiyo itajumlisha malengo mawili na kukupa kistari kilichoelea hewani kwenye 60. Mhimili wa kulia ukizuka tena, ufute kama mwanzo. Sasa tarehe 15 msimamizi aliyeuza milioni 22 anaona yuko mbele ya ratiba ingawa lengo la mwezi bado liko juu.

Hata hivyo, hesabu hiyo inachukulia kwamba kila siku inauza sawa. Duka ambalo wateja wake hujenga baada ya mishahara litauza zaidi mwishoni mwa mwezi. Kama daftari lako la miezi iliyopita linaonyesha kuwa nusu ya kwanza huleta asilimia 40 tu ya mauzo, tumia 40 hiyo badala ya nusu. Lengo hadi leo litakuwa milioni 16.

Mipaka huzeeka

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Mpaka wa milioni 24 ulitokana na faida ghafi ya asilimia 15, na asilimia hiyo inategemea bidhaa zilizouzwa. Chukulia kwamba katika duka hili saruji inaacha kidogo, rangi inaacha zaidi. Ukifika mwezi ambao wateja wamechukua saruji kwa wingi na rangi haikutoka, faida ghafi inaweza kushuka hadi asilimia 12. Gawa tena milioni 3.6 kwa 0.12: mpaka unapanda kutoka 24 hadi 30. Tawi lililouza milioni 31, ambalo lilionekana limelipa gharama zake na kubakiwa na zaidi ya milioni moja, sasa limezipita gharama hizo kwa shilingi 120,000 tu.

Mauzo ya mkopo nayo yana mtego wake. Mzigo uliochukuliwa na fundi kwa ahadi ya kulipa mwezi ujao unahesabika kwenye mauzo, lakini haulipi pango la mwezi huu. Ukiona nguzo iko juu na sanduku la fedha liko tupu, tenganisha mauzo ya taslimu na ya mkopo kabla ya kuilaumu chati.

Kwa mwenye matawi kadhaa, ongeza mstari mmoja kwa kila tawi, kila moja na mipaka yake. Kama tawi moja linauza milioni 200 na jingine milioni 31, usiyaweke kwenye kipimo kimoja cha shilingi, maana kanda za lile dogo zitabanana hadi zisionekane. Gawa kila tarakimu kwa lengo la tawi lake, kipimo kiwe asilimia, na mipaka ya kila tawi ibaki ile iliyotoka kwenye gharama zake. Na tawi likivuka milioni 50, au kiwango chochote ulichokiweka juu, panua kipimo. Ukiacha Maximum ilivyo, Excel itaikata nguzo juu na mafanikio ya tawi hayataonekana.

Ndugu msomaji mwenye duka, kabla ya kumwomba kijana wa ofisini akuchoree chati hii, kaa naye na daftari la gharama. Hesabu gharama zisizokwepeka, hesabu faida ghafi yako halisi, hesabu marejesho. Mpe namba mbili za mipaka na sababu zake. Rudia hesabu hiyo kila baada ya miezi mitatu, na kila bei ya kununulia mzigo inapobadilika. Kuchora ni kazi ya nusu saa. Mipaka ya kweli ndiyo inayofanya nusu saa hiyo iwe na faida.